Nilivyofunga imeili yangu ya zamani bila kujifungia nje

Mi nina steshenari hapa Mbeya, upande wa Iyunga, fotokopi, kuskani vyeti, kujazia watu fomu za mtandaoni, mambo hayo hayo ya kila steshenari. Kila wiki anakuja mtu anasema dada nifungulie imeili. Mtu wa kusema nifungie imeili nimempata mmoja tu tangu nianze hii kazi, shemeji yangu wa Mafinga anayeuza mbao, na huyo huyo mmoja ndo nilimharibia.

Ilikuwa 2021. Alikuja Mbeya kwenye shughuli ya kifamilia, akapita dukani, akasema ile Yahoo yake ya zamani imejaa takataka, kila siku anaambiwa ameshinda mamilioni, na yeye siku hizi anatumia Gmail ya kwenye simu, kwa hiyo naomba shemeji uifute. Nikaangalia `Inbox`, matangazo matupu. Nikamuuliza kuna kitu cha maana humu? Akasema hamna. Dakika kumi nikawa nimemaliza, nikajiona fundi kweli kweli.

Miezi kama nane baadae simu yake ikaangukia kwenye maji, akanunua nyingine. Ile simu ya zamani ilikuwa na Facebook imeingia tangu enzi, hajawahi kuandika paswedi miaka mingapi sijui, na kwenye Facebook ndo kulikuwa na ukurasa wake wa mbao, wateja wa Makambako, Njombe mpaka Songea wanaagizia humo. Simu mpya ikauliza paswedi. Hakumbuki. Akabonyeza nimesahau, ikamwambia tutakutumia namba kwenye imeili yako, ikaonyesha herufi ya kwanza, nyota nyota, halafu yahoo.com. Njia ya pili ikawa ni laini aliyoacha kuitumia zamani na haikuwa tena mikononi mwake. Tulijaribu hata kuifungua upya ile imeili kwa jina lile lile, ikagoma. Ukurasa upo mpaka leo, ukiutafuta unauona, picha za mbao zipo, namba ya simu ya zamani ipo, ila hamna mtu anayeweza kuuingia. Alinipigia akasema, "Shemeji, umenifungia mlango vizuri kabisa, sema funguo umeziacha ndani." Alicheka, lakini mi sikucheka.

Kosa lilikuwa langu. Niliangalia barua zilizomo kwenye imeili nikaona hazina maana, wakati barua siyo kitu cha kuangalia. Cha kuangalia ni wapi pengine duniani ile anwani imeandikwa. Imeili yako ndo inayopokea zile namba za kubadilisha paswedi za kila kitu kingine, kwa hiyo inaweza kuwa tupu kabisa, haina barua hata moja, na bado ikawa imeshika Facebook, benki, na kila ulikowahi kujisajili.

Sasa mwanzoni mwa 2024 ikafika zamu yangu. Na mi nina Yahoo yangu, niliifungua 2009 kwenye intaneti kafe ya Mwanjelwa, nililipia nusu saa na jamaa wa kafe ndo alinichagulia jina, ukiliona utacheka. Paswedi yake nimeitumia chuo kizima na kila mahali. Namba ya simu iliyoandikwa humo ni ya laini iliyopotea, na laini iliyokaa bila kutumika mtandao wa simu unaweza kumpa mtu mwingine. Kwa hiyo kulikuwa na uwezekano kuna mtu mahali fulani ana simu ambayo namba ya kuingilia imeili yangu itaenda kwake. Nikasema hii naifunga.

Najua wengi mtasema si uiache tu, mbona haili chakula. Hata mi niliwaza hivyo. Shida ni kwamba kuiacha nako ni kuifunga, ila unafungiwa siku usiyoijua. Yahoo usipoingia miezi 12 wanaweza kufuta kila kilichomo. Na 2013 walitangaza kabisa kwamba majina yaliyolala zaidi ya mwaka watayaachia watu wengine wayachukue, na waliochukua wengine walianza kupokea barua za wenye majina wa zamani. Gmail yenyewe ina utaratibu tofauti, ukifuta anwani ya Gmail haipewi mtu mwingine, ila akaunti ya mtu binafsi ikilala miaka miwili nayo inaweza kufutwa. Kwa hiyo ukishafunga, usitegemee kwamba jina utalirudisha, na kama siyo Gmail usitegemee kwamba mwingine hatalipata. Popote ulipoliacha limeandikwa ni mlango ambao hujui nani atausukuma.

Nikachukua kauntabuku, nikachora mistari mitatu, jina la huduma, nimeshabadilisha, nimeshajaribu. Huo mstari wa tatu nitakuja kuueleza maana ndo uliniokoa.

Kuzipata huduma zenyewe ni kazi. Ukikaa ukafikiria kichwani utakumbuka saba, nane. Nilichofanya niliingia kwenye ile Yahoo kwa kompyuta nikawa naandika neno moja moja kwenye sehemu ya kutafuta, `welcome`, `verify`, `confirm`, `password`, `account`, `invoice`, `receipt`, halafu na ya kwetu, karibu, thibitisha, akaunti, risiti. Neno `welcome` peke yake lilinipa vitu nilivyosahau kabisa, mtandao wa kutafuta kazi niliojisajili nikiwa chuo, duka la vitabu, apu ya kuhariri picha niliyolipia mara moja. Angalia na kwenye `Spam`, barua ya kukukaribisha mara nyingi inaangukia huko. Halafu nikafungua Chrome, sehemu ya paswedi zilizohifadhiwa, ukiandika kwenye anwani ya juu `passwords.google.com` inafunguka, nikapita mstari kwa mstari nikitazama wapi jina la kuingilia ni ile ya Yahoo. Huko nikaongeza tisa ambazo barua zake sikuziona. Jumla zikafika 31. Thelathini na moja, mtu ambaye najiona situmii mambo mengi mtandaoni!

Sasa kabla ya kugusa hata moja, kuna mtego mmoja wa kuumaliza kwanza. Gmail yangu, ile ninayohamia, niliifungua 2014. Unavyoifungua inakuuliza imeili nyingine ya akiba ukipata shida. Niliandika nini? Ile ile Yahoo. Yaani nahama nyumba halafu ufunguo wa akiba wa nyumba mpya nimeuacha kwenye nyumba inayobomolewa. Hii nimeikuta kwa watu wengi sana hapa dukani, karibu kila aliyetoka Yahoo kwenda Gmail yuko hivyo na hajui. Unaingia kwenye akaunti ya Google, sehemu ya `Security`, kuna `Recovery email` na `Recovery phone`, unaweka namba ya laini uliyosajili kwa jina lako mwenyewe na imeili ya mtu unayemwamini au nyingine yako. Mi niliweka ya mdogo wangu wa Tukuyu. Na ujue ukishabadilisha, Google wanaweza kuendelea kutuma namba kwenye ile ya zamani kwa siku 7, ni kinga kama aliyebadilisha ni mwizi, kwa hiyo usibadilishe leo ukafunga kesho.

Baada ya hapo ndo nikaanza moja moja, jioni jioni duka likitulia, huduma mbili tatu kwa siku. Utaratibu ambao niliuona unafaa ni huu, unaingia kwenye huduma, unaongeza anwani mpya bila kuifuta ya zamani, unaenda kwenye Gmail unabonyeza linki ya kuthibitisha, unarudi unaifanya hiyo mpya kuwa ya kwanza, halafu ndo unaifuta ya zamani. Ukiifuta ya zamani kabla ya mpya kuthibitishwa unaweza kubaki unaning'inia hewani. Na huduma nyingi kabla ya kukubali mabadiliko zinatuma namba au linki kwenye ile ya ZAMANI kwanza, kuhakikisha ni wewe. Ndo maana lazima ya zamani iwe hai mpaka mwisho, na ndo maana shemeji yangu hakuwa na pa kutokea.

Facebook unaikuta kwenye `Accounts Center`, halafu `Personal details`, halafu `Contact info`. Kwangu Facebook na Instagram zilikuwa zimeunganishwa ila Instagram ilikuwa na anwani yake, kubadilisha moja hakukubadilisha nyingine. Benki walinitaka niende tawini na kitambulisho cha NIDA nikajaze fomu, nikakaa foleni asubuhi nzima, sawa tu, imeili inayopokea taarifa za hela bora wawe wagumu.

Iliyonishangaza ni WhatsApp. Mi nilijua WhatsApp ni namba ya simu tu, inahusiana nini na imeili. Kumbe kama uliwahi kuweka ile PIN ya tarakimu sita, `Two-step verification`, ilikuomba na imeili ya kukuokoa ukiisahau PIN. Yangu niliiweka 2018 nikasahau kabisa. Ukisahau PIN na imeili ya kuirekebisha huna, unasubiri siku 7 ndo uweze kuirudisha, na mi siku 7 bila WhatsApp biashara imelala, wanafunzi wote wananitumia kazi za kuprinti humo. Barua ya kukukumbusha hiyo kitu haikuwepo kwenye Yahoo, na kwenye Chrome haipo maana siyo paswedi ya tovuti. Niliigundua tu kwa sababu nilikuwa nimezoea kufungua mipangilio ya kila apu kwenye simu nikitafuta neno email. Zimo hivyo nyingine mbili tatu, akaunti ya kampuni iliyotengeneza simu yenyewe kwa mfano, ile inayokusaidia kuitafuta simu ikipotea.

Sasa ule mstari wa tatu. Kubadilisha peke yake hakutoshi, maana kuna sehemu nilibadilisha anwani ya kupokelea matangazo nikadhani nimebadilisha ya kuingilia, kumbe ni vitu viwili. Jaribio langu lilikuwa hivi, nafungua dirisha la siri la Chrome, naenda kwenye huduma kama mtu mgeni, nabonyeza nimesahau paswedi, naandika jina langu, halafu nasoma inataka kutuma wapi. Huduma nyingi zinakuonyesha kwa nyota nyota, herufi ya kwanza na ya mwisho na gmail.com au yahoo.com. Nikiona yahoo inachungulia hapo najua bado. Nikiona gmail na namba yangu ya sasa, naweka tiki ya tatu. Zile zisizoonyesha chochote, mi niliruhusu kabisa zitume, nikaangalia barua inaangukia sanduku gani. Kati ya 31, nne nilizokwisha kuziwekea tiki ya pili zilifeli jaribio la tatu. Nne! Ningekuwa kama shemeji mara nne.

Na zile nisizozihitaji, kama ule mtandao wa kazi, sikuhamisha, nilifuta akaunti yenyewe huko huko. Akaunti usiyoitumia kuihamishia kwenye imeili mpya ni kuhama na takataka.

Majina ya watu sasa, hapa nusura nipoteze wateja. Kwenye Yahoo nilikuwa na majina 412, mengine na namba za simu, wakuu wa shule za Mbarali na Rungwe niliowahi kuwaprintia mitihani, watu wa maana. Yahoo inakuruhusu kuyatoa yote kwa faili moja, `CSV` au `vCard`. Nikachukua CSV, na kwa vile mi ni mtu wa steshenari nikaona niifungue kwenye Excel niisafishe kwanza, nitoe waliojirudia. Nikatoa, nikasevu, nikapakia kwenye `contacts.google.com`. Safi. Jioni nikampigia mwalimu mmoja wa Rujewa, simu inasema namba si sahihi. Naangalia, namba yake imeandikwa hivi

```
2.55754E+11
```

Aisee. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni hesabu. Namba iliyoandikwa kwa 07 inakata ile sifuri ya mbele, hiyo afadhali maana unajua cha kurudishia. Lakini iliyoandikwa kwa 255 ina tarakimu 12, Excel inaifupisha kwa maonyesho, na ukisevu tena kama CSV inaandika kile kilichoonyeshwa, tarakimu za mwisho zimeenda moja kwa moja. Ukiifungua tena faili hazirudi. Namba zaidi ya mia zimeharibika hivyo hivyo.

Kilichoniokoa ni kwamba Yahoo ilikuwa bado ipo, nikaenda kutoa faili upya. Na Google kwenye majina kuna `Undo changes`, unaweza kurudisha orodha yako ilivyokuwa mpaka siku 30 nyuma, nikarudisha, nikapakia ile mpya bila kuifungua na kitu chochote. Kusafisha waliojirudia nikafanya humo humo kwa `Merge & fix`. Siku hizi nikimfanyia mtu nachukua vCard tu, hiyo hamna anayeshawishika kuifungua kwa Excel. Halafu nachagua watu kumi ovyo ovyo kwenye orodha mpya nalinganisha na ya zamani tarakimu kwa tarakimu, watu wenye 255, wenye 07, na wenye namba mbili.

Halafu kuna watu ambao hawamo kwenye majina kabisa, uliwaandikia tu. Hao wako kwenye `Sent`. Nilipita `Sent` ya miaka yote, ilinichukua Jumapili moja ya mvua, na nilikutana na mambo yangu ya zamani nisiyotaka kuyasoma tena, lakini nilipata watu 23.

Barua zenyewe nilizozitaka, vyeti nilivyojiskania mwenyewe, barua ya kupokelewa chuo, mkataba wa pango, nilizitoa kwa Thunderbird, programu ya kusomea imeili, kwenye kompyuta ya dukani. Yahoo haikubali paswedi ya kawaida kwenye programu kama hiyo, unaenda kwenye usalama wa akaunti unatengeneza paswedi maalum ya programu, inaitwa `app password`, halafu unaweka

```
imap.mail.yahoo.com
993
SSL/TLS
```

Hapa nako pana kosa la watu wengi. Ukishaziona barua zote kwenye Thunderbird unadhani umezihifadhi. Hujazihifadhi, unachokiona ni kivuli cha kilichopo kule, kule kikifutwa na huku unaweza kukikosa. Inabidi uzinakili kwenye `Local Folders`, unazivuta unaziweka huko. Jinsi ya kujua, zima intaneti kabisa, fungua barua ya 2011 yenye kiambatisho ndani ya hilo folda, fungua na kiambatisho. Kikifunguka bila bando, ni chako. Nikanakili na kwenye flashi, moja nikampa mdogo wangu akaondoka nayo Tukuyu.

Mpaka mwisho wa Machi nilikuwa nimemaliza kila kitu kwenye kauntabuku, tiki tatu tatu. Hamu ya kufunga ilinikaba kooni. Sikufunga, na hii ndo sehemu ambayo nikimweleza mtu dukani ananiona nazidisha.

Niliiacha hai ila nikaizima kwa kila hali. Nikabadilisha paswedi yake, nikatoa ile namba ya laini iliyopotea nikaweka ya sasa, nikaweka jibu la moja kwa moja kwamba anwani imehama. Jibu lenyewe niliandika fupi, sikuweka namba yangu ya simu maana linamjibu hata tapeli. Halafu kila Jumatatu asubuhi naingia, nasoma vichwa vya barua tu. Sheria yangu ilikuwa moja, kitu chochote kisicho tangazo kikija humu, maana yake kuna mahali sijapabadilisha.

Aprili kikaja kimoja, taarifa ya kikundi cha wahitimu wa chuo. Nikabadilisha. Mei kimya. Nikasema sasa basi. Wiki ya kwanza ya Juni, Jumatatu, baridi ile ya Mbeya ambayo unaandika na mikono iko kwenye koti, nakuta barua kwamba jina la tovuti yangu linaisha muda wake, zimebaki siku 30, lipia.

Nilishika kichwa. Duka lina katovuti kadogo, la `.co.tz`, kijana mmoja alinitengenezea 2019 na alipokuwa anasajili jina akaniuliza imeili, nikamtajia ya Yahoo. Yeye alishahamia Dodoma. Kwa mwaka mzima kampuni iliyosajili haina sababu ya kunitumia chochote, inaandika mara moja tu, muda ukikaribia kuisha. Kwenye kutafuta kwangu sikuipata kwa sababu barua za miaka ya nyuma nilikuwa nazifuta nikishalipa, na paswedi yake haikuwa Chrome maana aliyeingia wa kwanza ni kijana kwenye kompyuta yake. Na barua za duka, zile za `info@`, zinapita kwenye jina hilo hilo. Jina likienda, tovuti imeenda, imeili ya duka imeenda, na akaunti yoyote inayotegemea imeili ya duka nayo imeshikwa, na mtu mwingine anaweza kulisajili akaanza kupokea barua zangu.

Nikabonyeza nimesahau paswedi, linki ikaja Yahoo, nikaingia, nikabadilisha mawasiliano, linki ya kukubali mabadiliko ikaja Yahoo kwanza halafu Gmail, nikalipia mwaka. Dakika ishirini hivi. Kama ningefunga mwezi wa tatu nilivyotaka, hizo dakika ishirini zingekuwa barua za kuomba, vitambulisho, cheti cha biashara, na bado sina uhakika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nisubiri muda gani, mi nasema angalia vitu vyako vya mara moja kwa mwaka, tovuti, bima, leseni, ada ya chama, ukiwa na chochote cha namna hiyo subiri mwaka. Huna, miezi mitatu. Na kama orodha yako huiamini kabisa, usifunge, ibakie tupu na paswedi mpya, uwe unaingia kila baada ya miezi miwili mitatu isilale. Hilo si jibu la kishujaa lakini ni bora kuliko la shemeji yangu.

Niliongeza wiki sita nyingine, kimya. Katikati ya Julai nikafunga. Kwanza niliitoa kwenye simu na kwenye tableti ya zamani iliyokuwa droo ya chini, maana Yahoo ukishafunga wanaishikilia kwa kawaida kama siku 30 hivi, ukiingia tena ndani ya muda huo inafufuka. Hizo siku ni nafasi ya kughairi, ila sikuzitegemea kukuta barua zangu salama. Ukurasa wa kufunga ukaniuliza mara mbili una uhakika, ukanitaka niandike anwani yangu yote kwa mkono, lile jina la kipuuzi la jamaa wa kafe, nikaliandika mara ya mwisho.

Agosti ikiwa inaisha nikaijaribu kwa kujitumia barua kutoka Gmail. Ikarudi dakika hiyo hiyo, na namba ya kosa ikianza na 5, hiyo ndo unayoitaka, maana yake imekataliwa kabisa. Ingeanza na 4 maana yake ni shida ya muda, watajaribu tena baadae, hapo ningejua bado.

Siku mbili mbele mama mdogo wa Kyela akanipigia, yeye imeili anaandikiwa na mjukuu wake. "Mwanangu, mchele nimekutumia kwa basi, na karatasi ya mzigo tumeituma kwenye imeili yako imerudi na kizungu kirefuu." Nikamwambia mama mdogo si nilikupa mpya tangu mwezi wa pili? Akasema aah ile niliandika kwenye kalenda, na kalenda nimeigeuza nimefunikia maharage. Nikamtajia tena, herufi moja moja, mjukuu anaandika, na nikamwambia safari hii aiseve kwenye simu. Mchele nilienda kuuchukua stendi bila karatasi.